Watu sita, wasifu mmoja: namna ya kuamua ushauri wa nani ufuatwe

Nina duka dogo la kuchapisha karatasi mjini Mombasa, si mbali na Makadara. Watu huniletea barua za kazi, kadi za harusi, na siku hizi sana wasifu mfupi, ile bayo ya maneno hamsini au mia inayowekwa kwenye kadi, kwenye ratiba ya semina au kwenye ukurasa wa simu. Kuandika rasimu ya kwanza si kazi kubwa. Tabu huanza mwenyewe akishawapelekea jamaa na wenzake wa kazini, kisha akarudi kwangu na simu imejaa ujumbe wa sauti, huyu asema weka, yule asema toa, naye hajui ashike lipi.

Mwongozo huu naujenga juu ya kisa kimoja kilichopita mikononi mwangu, cha bibi mmoja anayetembeza wageni katika Mji wa Kale. Amenikubalia nikieleze bila kumtaja jina.

Kwanza rasimu yenyewe. Ilikuwa ya kuwekwa kwenye kadi itakayokaa mapokezi katika nyumba ya wageni, na meneja wa nyumba ile alimpa nafasi ya maneno 60, hayazidi. Aliandika hivi:

"Mimi ni mtaalamu wa utalii na utamaduni mwenye shauku kubwa na uzoefu wa miaka mingi. Nilizaliwa na kulelewa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Ni mama wa watoto watatu. Nina cheti cha uongozaji watalii na leseni halali. Nimetembeza wageni kutoka sehemu mbalimbali duniani. Ninapenda historia, mapishi ya Kiswahili na kukutana na watu wapya. Karibuni nyote tutembee pamoja mjini kwetu."

Ni maneno 58. Si mabaya. Tatizo lake ni kwamba ukibadilisha Kibokoni ukaweka Shela au Forodhani, mtu wa Lamu au wa Unguja anaweza kuyachukua yote yakamfaa. Lakini hilo sikumwambia siku ile, maana tayari alikuwa na washauri sita, na wa saba angemmaliza.

Hatua ya kwanza: andika msomaji ni nani, kabla hujampa mtu rasimu

Juu ya karatasi ya rasimu andika mistari mitatu. Nani atasoma, atasomea wapi, na akishasoma unataka afanye nini. Bibi yule hakufanya hivyo, na ndiyo sababu kila aliyesoma alijiwekea msomaji wake kichwani. Dadake aliwaza majirani. Rafikiye wa Nairobi aliwaza mwajiri. Mwenzake wa kazi aliwaza kampuni za safari. Watu watatu wakishauri juu ya karatasi tatu tofauti, ushauri wao utakosaje kugongana?

Tulipokaa tukaandika ile mistari mitatu, ilitoka hivi: atakayesoma ni familia ya Kikenya iliyoshuka na treni kutoka bara kwa likizo, wazazi na watoto, atasomea mapokezi, amesimama, mizigo iko chini, na akimaliza tunataka amwambie mhudumu, "Mpigie huyu, twende naye kesho asubuhi." Ubishani karibu nusu ulijifia hapo hapo.

Hatua ya pili: uliza maswali yanayojibika

Swali la "Unaonaje?" ndilo baya kuliko yote. Mwenye adabu atajibu "Nzuri, mashaallah," na asiye na haya atakuandikia upya wasifu mzima kwa namna yake. Badala yake, mpe karatasi, aisome mara moja, uichukue, halafu muulize maswali matatu. Kazi yangu ni ipi? Ni wapi ulisita au ukarudia kusoma? Kuna kitu gani ulitaka kujua na hukukipata?

Tahadhari mbili. Usiweke rasimu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kazini. Akishasema mkubwa mmoja, waliobaki watamfuata au watanyamaza, na wewe utadhani watu kumi wamekubaliana kumbe ni mmoja tu aliyesema. Mpelekee kila mtu peke yake. Pia usimpe mtu faili ya kurekebisha mwenyewe. Ukimpa faili atakurudishia sentensi zake. Ukimpa karatasi yenye nafasi pana kati ya mistari, na kalamu ya risasi, atakurudishia alama za pale aliposhikwa, na hizo ndizo unazozihitaji.

Watu wanne au watano wanatosha. Katika kazi yangu nimeona kwamba kuanzia wa sita mambo huanza kujirudia, ila kama wa sita ni wa aina tofauti kabisa. Kwa bibi yule wa sita alikuwa tofauti, na nitamfikia.

Hatua ya tatu: tenganisha palipouma na dawa iliyotolewa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Chukua daftari, piga mistari upate safu tatu. Safu ya kwanza andika ni sentensi gani iliyoguswa. Ya pili, mtu alihisi nini alipoifikia. Ya tatu, alisema ufanye nini. Kama ametuma ujumbe wa sauti, usikilize na uandike maneno yake kama alivyoyasema, usiyafasiri kwanza. Ukimaliza, funika safu ya tatu kwa mkono, usome mbili za mwanzo peke yake.

Nimefanya hivi kwa miaka, na naweza kusema kwamba msomaji akikwambia amekwazika mahali fulani, karibu kila mara pana kitu. Akikwambia namna ya kupatengeneza, mara nyingi anakosea, kwa sababu anakupa tengenezo la wasifu wake yeye. Ukifunika safu ya tatu, utashangaa jinsi watu waliokuwa wakipingana wanavyogeuka kuwa wamesema jambo moja.

Daftari la bibi yule lilikuwa na migongano mingi. Nachukua minne.

Wa kwanza ni watoto watatu. Dadake mkubwa alisema, "Toa hiyo ya watoto. Kadi itashikwa na kila mpita njia, mambo ya nyumbani mwako yanawahusu nini?" Mwenzake wa kazi, anayetembeza wageni kwa muda mrefu kuliko yeye, alisema kinyume: "Usithubutu kutoa. Familia zataka mama, si kijana wa kukimbia na kamera." Safu ya tatu ni toa na usitoe, hakuna katikati. Sasa tazama safu ya pili. Dada alihisi faragha imefunguliwa. Mwenzake alihisi kwamba hapa pana ushahidi kuwa mtu huyu anaweza kukaa na watoto wa watu. Hisia hizo mbili hazigombani hata kidogo. Kinachotakiwa ni ushahidi usiopitia nyumbani kwake. Basi swali likawa: wewe unafanya nini na watoto wa wageni?

Hapo ndipo akamkumbuka mshauri wa sita, mgeni wake wa zamani, mama aliyekuja na wanawe wawili. Yeye hakushauri lolote juu ya maneno. Alisema tu: "Mimi nakumbuka uliwapa watoto karatasi watafute nakshi kwenye milango wazichore, wakanyamaza saa nzima." Sentensi ile ndiyo iliyoingia kwenye kadi mahali pa watoto watatu. Dada hakuwa na la kulalamikia, na mwenzake alipata alichotaka kwa uzito zaidi, maana kuwa mama hakumaanishi kwamba unajua kutembea na watoto wa wengine.

Mgongano wa pili ni neno "mtaalamu". Rafikiye wa Nairobi alisema libaki, tena aongeze elimu, isikike ya kiofisi. Shangazi yake wa Kibokoni alimpigia simu kabisa: "Mbona wajisifu hivi, mwanangu? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Wengi wetu pwani tukisikia hivyo kutoka kwa shangazi, tunafuta neno na kubaki na aibu. Lakini funika dawa, soma maumivu. Rafiki alihisi kwamba bila neno hilo hadhi haionekani. Shangazi alihisi kwamba neno ladai hadhi bila kuitolea kitu. Wote wawili wamesimama juu ya shimo moja: sentensi haina ithibati. "Uzoefu wa miaka mingi" nao ni hivyo hivyo, miaka mingi ni mingapi?

Tuliondoa "mtaalamu", "shauku kubwa" na "miaka mingi", tukaweka mwaka aliouanza kazi: 2016. Mwaka ni bora kuliko hesabu. Ukiandika "miaka minane", kadi inakuwa ya uongo mwakani. Ukiandika 2016, msomaji ajihesabie mwenyewe na kadi haichakai. Shangazi hakuona majivuno kwenye tarakimu, na rafiki aliona hadhi.

Mgongano wa tatu ulinifundisha kitu. Bibi yule ana cheti cha daraja la shaba cha KPSGA, kile chama cha waongoza safari kinachotahini kwa madaraja matatu, shaba, fedha na dhahabu. Katika rasimu alikuwa ameandika "cheti" tu. Mwenzake alimwambia ataje shaba, kwani wanaojua wanajua mtihani ule haupitwi kwa kubahatisha. Rafiki wa Nairobi alimwambia asitaje asilani, shaba ni ya aliyeshika nafasi ya tatu mbioni.

Hapa hata ukifunika safu ya tatu, hisia zinapingana kweli. Mmoja aliona heshima, mwingine aliona upungufu. Mgongano wa namna hii hausuluhishwi kwa kutafuta neno la katikati. Rudi kwenye mistari mitatu ya juu ya karatasi. Msomaji wetu ni baba aliyeshuka na treni, hajawahi kusikia habari za chama kile. Kwake shaba ni medali ya tatu. Basi kwenye kadi tuliacha leseni peke yake, ile inayotolewa na mamlaka ya utalii ya serikali, TRA, kwa sababu leseni kila mtu anaielewa bila kuelezwa. Lakini mwenzake hakukosea. Alikuwa akizungumzia karatasi nyingine, wasifu mrefu unaopelekwa kwa kampuni za safari. Tukauandika huo pembeni, na humo shaba imo sentensi ya pili. Mara nyingi ushauri unaoupinga ni mzuri, ila umekuja kwenye karatasi isiyo yake. Uhifadhi, usiutupe.

Mgongano wa nne ulikuwa wa nafsi: "mimi" au "yeye". Mwenzake alisema aandike kama mtu mwingine ndiye anayemsimulia, ndivyo wanavyofanya wakubwa. Dada alisema hiyo ni kama kujizungumzia ukiwa umejificha nyuma ya pazia. Kipimo changu ni kuuliza karatasi inatoka mkononi mwa nani. Kama ni ukurasa wako mwenyewe, sema "mimi". Kama inatolewa na mwingine, mfano mratibu wa semina atakayeisoma kwa kipaza sauti, au mhudumu wa mapokezi, sema "yeye", ama sivyo mhudumu atasoma "nilizaliwa Kibokoni" naye ni mtu wa Voi.

Kiswahili nacho hutusaidia na hatujui. Kitenzi chenye "hu-" hakibebi nafsi. "Hutembeza wageni" yaweza kuwa mimi, wewe au yeye. Ukijenga wasifu juu ya "hu-" pale inapokubali, ugomvi wa nafsi unabaki kwenye maneno matatu manne tu, na kadi moja inageuzwa kwa dakika moja kwa matumizi yote mawili. Kuna upande wa pili wa jambo hili: "ameanza", "ana", "hutembeza" hazisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Meneja wa nyumba ya wageni alikuwa amesema kwamba wageni wanawake wanaosafiri peke yao huuliza kwanza kama mtembezaji ni mwanamke. Jina lake pekee lisingewatosha watu wa bara. Tukaweka "Bi" mbele ya jina, neno moja, swali likaisha.

(Kwa kupita: mmoja wa washauri alitaka ajiite kwa lile neno la Kiingereza la mwongozaji, ila liandikwe kwa herufi zetu. Likaandikwa, likawa "gaidi". Tulicheka mpaka mteja mwingine dukani akauliza kuna nini. Andika "mtembeza wageni" au "mwongoza watalii". Hapa shangazi alikuwa na hoja nyingine, kwamba mtu wa Nakuru hajioni kuwa mtalii, kwake mtalii ni Mzungu. Akiona "wageni" anajijua ni yeye. Tulimfuata bila ubishi.)

Hatua ya nne: pima mzani wa kila mshauri

Usipige kura. Watu watatu dhidi ya wawili si hoja, kwa sababu sauti hazina uzito sawa. Mimi hujiuliza mambo mawili juu ya kila mshauri.

Je, anafanana na msomaji? Katika wale sita, aliyefanana ni mmoja tu, yule mgeni wa zamani. Ndiye aliyesema machache kuliko wote, na ndiye tuliyemfuata zaidi. Rafiki wa Nairobi anaweza kufanana pia siku akija likizo, lakini alisoma kama mtu wa ofisi ya ajira, si kama mama aliyechoka na safari. Ukipata mtu wa namna hiyo, mrudie umwambie: "Jifanye umeshuka stesheni Miritini sasa hivi na watoto wanalia. Soma tena." Majibu hubadilika.

Je, anajua ukweli ambao mimi siujui? Juu ya ukweli, mtu mmoja anayejua anawashinda watano wanaodhani. Mwenzake alimkumbusha aitazame tarehe ya leseni kabla ya kuandika kwamba anayo. Hilo halijadiliwi, ni kwenda kutazama. Ukweli hauna ladha ya huyu wala ya yule.

Na kuna mwenye mlango, yaani yule asipokubali karatasi haitoki kabisa. Huyo hapa ni meneja. Masharti yake ni amri: maneno 60, aina ya kadi, mahali itakapowekwa. Lakini ladha yake si amri. Alisema pia kwamba "mzaliwa wa Kibokoni" halina maana kwa mgeni. Nilimwambia bibi amsikilize kisha neno hilo alibakishe, kwa sababu ndilo jambo pekee kwenye kadi ambalo mtembezaji mwingine hawezi kuliiga, na kwa mzazi linasema huyu anajua kila kichochoro. Meneja hakuliuliza tena.

Utamtambuaje anayekushauri kwa ajili yake mwenyewe? Chukua sentensi aliyokupendekezea, uisome ukiweka jina lake mahali pa lako. Ikimkaa vizuri kuliko inavyokukaa wewe, mshukuru uiweke kando. Si husuda wala ubaya, ni kwamba kila mtu huona wengine kupitia kioo chake.

Nilijifunza kutopiga kura kwa kuharibu. Zamani nahodha mmoja wa mashua aliniletea maoni ya watu wanane, nami kwa kutotaka kumuudhi mtu niliyaingiza yote. Wasifu ukafika karibu maneno mia mbili. Siku ya semina msema chochote alisoma mistari miwili ya juu, akaona inarefuka, akasema "na mengineyo," akamkaribisha. Mistari ile miwili ilikuwa ya shule aliyosoma. Bahari haikutajwa.

Hatua ya tano: andika upya kwa kalamu moja

Ukishaamua, usibandike viraka kwenye rasimu ya zamani. Weka daftari mbali, chukua karatasi tupu, andika kutoka mwanzo kwa sauti yako, kisha ndipo ufungue daftari uone ulichosahau. Viraka hujulikana: sentensi moja ya kiofisi, inayofuata ya barazani, ya tatu ya mahubiri. Na kwa sababu nafasi ni ya maneno 60, kila linaloingia lazima lifukuze jingine. Mshauri akisema "ongeza", muulize, "nitoe lipi?" Wengi hapo huondoa ombi lao wenyewe.

Rasimu ya pili ya kadi ilifika karibu na mwisho, ila ilikuwa na sentensi hii: "Matembezi ni ya saa mbili na nusu, asubuhi." Sote, wale sita na mimi, tuliipitisha.

Hatua ya sita: mpe asiyekujua

Mtu wa mwisho awe mgeni kabisa kwako. Mpe kadi, mwache aisome sekunde ishirini hivi, igeuze, muulize amekumbuka nini. Usimweleze kitu, usitetee. Mimi nilimpa kijana aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho. Akasema: "Ni mama wa kutembeza watu Old Town, watoto wanachora milango, mnaanza saa mbili na nusu."

Hatukuanza saa mbili na nusu. Tulimaanisha matembezi huchukua muda wa saa mbili na nusu. Lakini kwa Kiswahili saa ya kutwa na saa ya muda ni neno moja, na kwa kuwa tulikuwa tunajua tulichokusudia, hakuna aliyeliona. Familia ingefika nusu saa baada ya wenzao kuondoka. Hili hakuna rafiki angeligundua, maana rafiki anajua unaanza saa ngapi.

Kadi ikatoka hivi, jina nimeliacha:

"Bi … ni mzaliwa wa Kibokoni. Hutembeza wageni katika Mji wa Kale, kazi aliyoianza 2016, na ana leseni ya kazi hiyo. Matembezi huanzia Ngome ya Yesu, hupita Ndia Kuu na kuishia Bandari ya Kale. Watoto wa miaka sita na zaidi hupewa kazi yao: kutafuta na kuchora nakshi za milango. Huanza saa mbili asubuhi, humalizika saa nne na nusu."

Ni maneno 58, kama ya mwanzo. Kwa ukurasa wake mwenyewe, "aliyoianza" ikawa "niliyoianza", "ana" ikawa "nina", "Bi" na jina vikawa "mimi", basi. Kwa Instagram, ambako nafasi ni herufi 150 tu, alichukua vitu viwili, mzaliwa wa Kibokoni na watoto wanaochora milango, na namba ya simu. Usijaribu kuukamua wasifu mzima uingie mle.

Kuacha kuuliza, na kuwajibu ulioacha ushauri wao

Utajua imetosha pale mtu mpya anapokwambia urudishe kitu alichokwambia wa kwanza ukitoe. Hapo umezunguka mduara. Funga daftari.

Kisha wajibu watu. Kwetu mtu akikupa shauri na usimrudie, hasa akiwa mkubwa wako, ataliona kwenye kadi iliyochapwa na litakaa moyoni. Usimweleze kwa nini hukumfuata, utafungua mjadala upya. Mtajie kitu kimoja alichokisema ambacho kimefanya kazi, nacho kipo karibu kila mara, kama si dawa basi ni maumivu. Bibi yule alimwandikia shangazi yake hivi: "Shikamoo shangazi. Lile neno la kujisifu nimelitoa, nimeweka mwaka niliouanza kazi. Na 'watalii' nimeandika 'wageni' kama ulivyosema. Nakuletea kadi Ijumaa." Kwa rafiki wa Nairobi, ambaye mapendekezo yake mengi hayakuingia, aliandika kwamba yeye ndiye aliyemfanya aone hadhi haionekani, na kwamba wasifu mrefu wa kampuni za safari angependa ausome yeye kwanza. Dada yake alimpa kadi mkononi bila neno. Dada akaisoma, akauliza kadi ni za bei gani.

Jambo la mwisho ni idadi. Alitaka nimchapie kadi 500 kwa kuwa bei hushuka. Nilimchapia 100. Wiki haikwisha, meneja akapiga simu: wageni wanauliza kama malipo yake yanajumlisha tiketi ya kuingia ngomeni au wanalipa wenyewe mlangoni. Wale sita, mimi na kijana wa kitambulisho, hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo. Toleo la pili tulitoa "ya kazi hiyo" baada ya leseni, tukapata nafasi ya maneno matatu, na mawili yaliyokuwa yamebaki yakawa matano. Yalitosha: "Tiketi ya ngome hulipwa mlangoni."